Vyeti Viwili Si Vyeti Vitatu: Mtego wa Uwili Katika Barua ya Kiarabu

Mtu anayeandika barua ya Kiarabu kuomba nafasi ya masomo Al-Azhar, au katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, lazima afike mahali pa kutaja viambatisho: vyeti, nakala ya pasipoti, barua za waliomfundisha. Hapo ndipo barua nyingi huharibika. Akiwa na vyeti vitatu vilivyothibitishwa, ataviita *thalatha shahadatin musaddaka*. Akiwa na viwili, vitakuwa *shahadataini musaddakataini*. Katika Kiswahili tungebadilisha neno la hesabu tu, "vitatu" likawa "viwili", na sentensi ikaendelea na safari yake. Katika Kiarabu jina lenyewe linageuka umbo, na sifa inayolifuata inageuka pamoja nalo.

Watu wengi waliosoma Kiarabu madrasani au chuoni wanaijua kanuni moja kwa ufasaha: wingi wa vitu huchukuliwa kama mwanamke mmoja. Wanaijua mno hata wanaitumia mahali pasipo pake. Makala haya yanahusu mpaka wa kanuni hiyo: inaanzia wapi, inakomea wapi, na kwa nini kitu kikiwa viwili kinatoka nje yake.

Mtu, mnyama na kitu

Mzungumzaji wa Kiswahili haogopi upatanisho. Amezaliwa nao. "Vitabu vizuri vimefika" kwake ni jambo la kawaida: jina likianza kwa *vi-*, sifa na kitenzi hufuata. Amezoea pia kwamba uhai unaweza kuvunja umbo la neno. Kifaru na kipofu, ingawa wanaanza kwa *ki-*, husemwa "amekuja", si "kimekuja". Kwa Kiswahili, basi, mstari mkubwa unapita kati ya chenye uhai na kisicho na uhai, na mbuzi yuko upande wa mtu.

Kiarabu kimechora mstari mahali pengine. Wanasarufi wake wanatenganisha *akili*, yaani mwenye akili, na *ghairi akili*, asiye nayo. Upande wa kwanza wako binadamu, malaika na majini. Upande wa pili viko vitu vyote, mawazo yote, na wanyama wote. Mbuzi, kwa Kiarabu, yuko upande wa kitabu.

Tofauti hiyo haionekani kitu kikiwa kimoja. *Kitabu* ni neno la kiume, na sifa yake ni ya kiume: *kitabun jadidun*, kitabu kipya. Inaonekana katika wingi. Walimu wapya ni *muallimuna jududun*, sifa ikiwa ya wingi wa kiume kama ilivyo kwa walimu wenyewe. Lakini vitabu vipya ni *kutubun jadidatun*. Sifa imerudi katika umoja, tena umoja wa kike, ingawa kitabu kimoja kilikuwa cha kiume. Kila kinachoegemea neno hilo hufuata njia hiyo hiyo. "Vitabu hivi" ni *hadhihi al-kutub*, kwa kiashiria cha mwanamke mmoja. "Vitabu vimefika" ni *al-kutubu wasalat*, kwa kitenzi cha mwanamke mmoja. "Nimevisoma" ni *karaatuha*, na ile *-ha* ya mwisho ndiyo inayotumika pia kumtaja mwanamke mmoja.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayemwandikia mteja wake wa Ghuba kwamba mbuzi wamefika bandarini lazima aizuie silika ya Kiswahili. Akisema *al-aghnamu wasalu*, amewapa mbuzi kitenzi cha watu. Sahihi ni *al-aghnamu wasalat*.

Mstari huu wa akili huleta jambo jingine lenye kushangaza kidogo katika barua za kiofisi. Kampuni, wizara, kamati na idara zote zina watu ndani, lakini neno linalotajwa ni la chombo, si la watu. Kwa hiyo "idara zinazohusika" ni *al-jihat al-maaniya*, kwa sifa ya umoja wa kike, hata kama idara hizo zina maofisa elfu. Ukiwaandikia maofisa wenyewe, *as-sada al-muhtaramin*, unarudi kwenye wingi wa watu.

Viwili haviingii katika kanuni

Sasa uje kwenye uwili. Kiarabu sanifu hakina umoja na wingi tu. Kina umbo la tatu kwa ajili ya viwili kamili. Huhitaji neno "mbili". Unaongeza *-ani* mwishoni mwa jina ikiwa ndilo linalotenda au linaloanzisha habari, na *-aini* ikiwa linatendwa, linafuata kihusishi, au linamilikishwa. Kitabu ni *kitab*. Vitabu viwili ni *kitabani* au *kitabaini*. Cheti ni *shahada*. Vyeti viwili ni *shahadatani* au *shahadataini*. Kiswahili kimewahi kuazima maneno yenye mwisho huu: *miteni* ya wazee wetu, yaani mia mbili, na *elfeni*, elfu mbili, ni uwili wa Kiarabu uliovaa matamshi ya pwani.

Jambo la kushika ni hili: ile kanuni ya wingi wa vitu inahusu wingi, na wingi kwa Kiarabu huanzia tatu. Viwili si wingi. Kitu kikiwa viwili, kinabaki na jinsia yake ya asili na kila kinachokiegemea kinaingia katika uwili. Vitabu viwili vipya ni *kitabani jadidani*, sifa ikiwa ya kiume na ya uwili. Vyeti viwili vipya ni *shahadatani jadidatani*, sifa ikiwa ya kike na ya uwili. Hapa mtu na kitu wako sawa: walimu wawili wapya ni *muallimani jadidani*, kwa umbo lile lile la vitabu viwili.

Ukipanga hesabu mstari mmoja, utaona jinsi kitabu kinavyozunguka. Kimoja: *kitabun jadidun*, kiume umoja. Viwili: *kitabani jadidani*, kiume uwili. Vitatu: *thalathatu kutubin jadidatin*, sifa imeruka kwenda kike umoja. Anayeruka kutoka moja hadi tatu bila kusimama kwenye mbili ndiye anayeandika *kitabani jadida*. Ni kosa la msomi, kwa maana asiyeijua kanuni ya wingi wa vitu asingelifanya.

Barua yenyewe

Tuchukue barua ya mfano ya mwombaji wa masomo. Salamu na anwani tuziache; tuangalie mistari mitatu ya kiini chake, kama ilivyochapwa kabla ya kusahihishwa:

أرفق بهذا الطلب شهادتين مصدقة، وجميع الوثائق المطلوبين.

وهذه الشهادتين صادرة عن معهد واحد.

وكتب رسالتين التوصية أستاذان يعرفونني.

Mwombaji anataka kusema: naambatisha na ombi hili vyeti viwili vilivyothibitishwa, na hati zote zinazotakiwa; vyeti hivi viwili vimetolewa na taasisi moja; na barua mbili za kunipendekeza zimeandikwa na walimu wawili wanaonifahamu. Msomaji Mwarabu ataelewa kila neno. Ila atajua pia, kabla hajafika mwisho, kwamba mwandishi hajaimudu sarufi, na hiyo si habari njema kwa anayeomba nafasi ya kusoma kwa Kiarabu.

Mstari wa kwanza una makosa mawili yanayopingana. *Shahadataini* imeandikwa vizuri, kwa mwisho wa *-aini*, kwa sababu vyeti vinaambatishwa, yaani vinatendwa. Lakini sifa yake, *musaddaka*, imeachwa katika umoja wa kike kana kwamba vyeti ni vitatu au zaidi. Iwe *musaddakataini*. Kosa la pili liko upande wa pili: *al-wathaik*, hati, ni wingi wa vitu, na zimepewa *al-matlubin*, sifa ya wingi wa wanaume. Hapo ndipo kanuni ya umoja wa kike ilipohitajika: *al-matluba*.

Mstari wa pili una makosa matatu. Kiashiria *hadhihi* ni cha kitu kimoja cha kike au cha wingi wa vitu; viwili vya kike vina kiashiria chao, *hatani*. Jina limechapwa kwa *-aini*, ilhali sasa ndilo linaloanzisha sentensi, kwa hiyo ni *ash-shahadatani*. Na habari yake, *sadira*, iwe *sadiratani*.

Mstari wa tatu una mawili. La kwanza ni nuni. Jina la uwili likimilikishwa neno linalofuata, nuni yake ya mwisho huanguka. "Barua mbili za mapendekezo" si *risalataini at-tausiya* bali *risalatai at-tausiya*. La pili ni kitenzi *yaarifunani*, kinachosema "wananifahamu" kwa watu watatu au zaidi. Walimu ni wawili: *yaarifanini*. Angalia kwamba *kataba*, kitenzi kilichotangulia, kiko katika umoja na ni sahihi. Kitenzi kikimtangulia mtenda wake katika Kiarabu sanifu, hubaki umoja hata watendaji wakiwa wawili au mia. Kikija baada yake, ndipo kinapohesabu.

Barua iliyosahihishwa inasomeka hivi:

أرفق بهذا الطلب شهادتين مصدقتين، وجميع الوثائق المطلوبة.

وهاتان الشهادتان صادرتان عن معهد واحد.

وكتب رسالتي التوصية أستاذان يعرفانني.

Sasa tuseme mwombaji amepata cheti cha tatu kutoka taasisi hiyo hiyo, akarudi kwenye kompyuta kurekebisha. Hawezi kubadilisha neno moja. Mstari wa kwanza utakuwa ثلاث شهادات مصدقة, na wa pili utakuwa وهذه الشهادات صادرة. Yaani *musaddaka*, *hadhihi* na *sadira*, ambazo tumezifuta kama makosa, zimerudi zikiwa sahihi. Ndiyo sababu barua zilizonakiliwa kutoka barua za zamani zina makosa mengi ya aina hii: mwandishi hubadilisha jina lililo mbele ya macho yake na kuyasahau maneno yanayolitegemea mistari miwili chini.

Linalosahaulika zaidi ni kiwakilishi, kwa kuwa hukaa mbali. Mwombaji akimalizia kwa *arju al-ittilaa alaiha*, "naomba mziangalie", ile *-ha* inaelekea kwenye hati zote. Akikusudia vile vyeti viwili tu, ni *alaihima*. Hapa hakuna kosa la sarufi la kuonekana. Maana ndiyo inayobadilika, na karani anaweza kuelewa jambo ambalo mwandishi hakulikusudia.

Kwa nini watu wenye elimu hukosea

Sababu ya kwanza iko katika vitabu vya kuanzia. Madrasa nyingi za pwani ya Afrika Mashariki hufundisha sarufi kwa Ajurumiya, kitabu kidogo cha Ibn Ajurumu, mwanachuoni wa Fasi nchini Moroko aliyefariki mwaka 1323. Mwanafunzi akikimaliza anajua bila shaka kwamba alifu ni alama ya uwili unaotenda na yei ni alama ya uwili unaotendwa. Lakini mlango wake wa sifa unataja tu kwamba sifa hulifuata jina katika irabu za mwisho, na katika kujulikana au kutojulikana. Habari ya idadi na jinsia haimo. Mwanafunzi huipata baadaye, kwa kawaida katika vitabu vya kisasa vinavyofundisha wingi wa vitu kwa mkazo mkubwa na kuupitia uwili haraka.

Sababu ya pili ni sikio. Wako Waswahili wengi waliojifunza Kiarabu Maskati au Dubai kwa kukisikia kazini na sokoni. Katika lahaja nyingi, za Ghuba zikiwemo, uwili umebaki kwenye jina peke yake, tena kwa mwisho mmoja wa *-en* usiobadilika. Sifa, kitenzi na kiwakilishi huenda katika wingi. Mtu anayesikia "vitabu viwili" vikipewa sifa ya wingi kila siku ataandika hivyo hivyo, na atachapa ـين hata mahali panapotaka ـان. Usemi huo hauna aibu mdomoni. Kwenye barua rasmi ni kosa.

Mitego ya kuchapa

Barua ya kompyuta huchapwa bila irabu, na hapo uwili hupata matatizo yake ya pekee. La kwanza ni ة. Jina la kike lenye herufi hiyo likiingia katika uwili, ة hugeuka ت ya kawaida, kwa sababu ة haikai katikati ya neno. Anayeongeza mwisho kwa haraka bila kurudi nyuma herufi moja huchapa شهادةين badala ya شهادتين.

La pili ni kwamba ـين ina masomo mawili. المدرسين inaweza kuwa *al-mudarrisaini*, walimu wawili, au *al-mudarrisina*, walimu wengi. Kwa vitu shida hii ni adimu, maana wingi wa *-ina* ni wa watu, isipokuwa maneno machache kama *sinina*, miaka. Kwa hiyo كتابين haina utata. Kwa watu, mwandishi makini huongeza الاثنين, au huchapa fataha juu ya herufi inayotangulia yei: المدرسَين. Katika kibodi ya kawaida ya Kiarabu ya Windows, fataha hupatikana kwa Shift+Q.

La tatu ni lile la nuni iliyoanguka. رسالتي katika barua yetu inasomwa *risalatai*, barua mbili za fulani; herufi hizo hizo zinasomwa pia *risalati*, barua yangu. Neno التوصية linalofuata ndilo linaloamua. Pasipo na neno la kuamua, utata hubaki. والدي ni baba yangu. Wazazi wangu wawili ni والديّ, na tofauti yote imebebwa na shada moja. Mwombaji anayesema kwamba wazazi wake wote wawili wamekubali asafiri aichape shada hiyo, kwa Shift na kitufe cha ذ, la sivyo atakuwa amemtaja baba peke yake.

Usitegemee mashine ikukamate. Kikagua tahajia hutazama kama neno lipo, na مصدقة lipo, مصدقتين lipo. Kati ya makosa saba ya barua yetu, hakuna hata moja ambalo ni neno lisilokuwepo katika Kiarabu.

Je, wingi wa vitu ni umoja wa kike siku zote?

Msomaji wa Kurani anaweza kuuliza, na atakuwa na haki. Katika Sura ya Al-Baqara neno "siku" lina sifa ya umoja wa kike kwenye aya ya 80, lakini kwenye aya ya 184 na ya 203 neno hilo hilo lina sifa ya wingi wa kike. Zote mbili ni Kiarabu fasaha. Al-Farraa, mwanasarufi wa Kufa aliyefariki mwaka 822, alieleza kwamba Waarabu hupenda wingi wa kike kwa vitu vichache, kuanzia vitatu hadi kumi, na umoja wa kike kwa vinavyozidi hapo.

Makarani wa zamani waliitumia tofauti hiyo walipoweka tarehe kwenye barua, kwa kuhesabu usiku wa mwezi uliopita. Usiku ukiwa mbili: *li-lailataini khalata*, kitenzi cha uwili. Tatu hadi kumi: *li-thalathin khalauna*, kitenzi cha wingi wa kike. Kumi na moja na kuendelea: *li-ihda ashrata lailatan khalat*, kitenzi cha umoja wa kike. Siku hizi tarehe huandikwa kwa tarakimu, na barua za kiofisi zimeutuliza wingi wa vitu katika umoja wa kike, uwe mchache au mwingi. Ukiandika *musaddakat* kwa vyeti vitatu hujavunja sarufi, ila *musaddaka* ndiyo desturi. Angalia lakini kwamba hata katika utaratibu ule wa kale, mbili ilikuwa na umbo lake, na hakuna aliyeichanganya na tatu.

Namna ya kuikagua barua

Kabla ya kutuma, anza na hesabu, si na sarufi. Andika pembeni orodha ya kila kinachotajwa katika barua na idadi yake. Kisha, kwa kila kimoja, fuatilia maneno yanayokiegemea: sifa, kiashiria, kitenzi kinachokifuata, na kiwakilishi kilicho mbali. Kikiwa viwili, maneno yote hayo yawe ya uwili na ya jinsia yake. Vikiwa vitatu au zaidi, uliza kama ni watu. Kama si watu, yawe ya umoja wa kike.

Halafu fungua kisanduku cha kutafuta kwa Ctrl+F, uchape تين, kisha تان. Uwili mwingi wa majina ya kike utajitokeza. Kila unapousimamia, uliza maswali mawili: unatenda au unatendwa, na je, neno linalofuata limeumiliki? La kwanza litakuambia kama ni alifu au yei, la pili kama nuni ibaki au ianguke. Kwa majina ya kiume tafuta ين na ان, ingawa utakutana na maneno mengi yasiyohusika.

Na kama idadi ya viambatisho itabadilika dakika ya mwisho, usirekebishe neno moja. Futa sentensi nzima uiandike upya.